Re: Mkamwana akikatazwa kutaja jina la baba mkwe, anaongeaje?

"Nasikia kwa Wazulu bibi harusi hataji jina la baba mkwe wala maneno yanayofanana nalo. Sasa anaongeaje?"

Ndugu, mwiko huo huitwa hlonipha, na unakwenda mbali kuliko jina lenyewe, kwani hata silabi zake huepukwa. Tuseme mzee anaitwa Mandlenkosi. Sehemu ya "ndle" imo pia kwenye indlela, yaani njia, na indlebe, yaani sikio. Yote mawili yanamponyoka mkamwana, ingawa siku haipiti bila kuyahitaji.

Badala ya indlela atasema inyathuko, lililotokana na nyathela, kukanyaga: mahali pa kukanyagwa. Hiyo ndiyo mbinu ninayoipenda zaidi, kukitaja kitu kwa kazi yake. Mbinu nyingine ni kubadili konsonanti tu, na wanaisimu wengi wanaamini kwamba vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, vya Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, vilipata njia ya kuingia Kizulu na Kixhosa hapo, maana vilikuwa sauti ngeni zisizogusa jina la mtu.

Hajitungii yote peke yake. Mengine, kama amandambi badala ya amanzi (maji), yanajulikana na wanawake wengi, na mgeni hufundishwa na wake waliomtangulia pale nyumbani.