Mwamba ukianguka mgodini, ofisa usalama aambiwe nini kwanza

Nimesimamia zamu chini ya ardhi upande wa Mirerani, na tangu nihamie Arusha mjini vijana waliopandishwa kuwa wasimamizi hunipigia kuniuliza ripoti ya mwamba kuanguka inaandikwaje. Nawajibu kwamba kabla ya karatasi kuna simu, na kabla ya simu kuna kuhesabu watu. Chukua orodha ya walioshuka mgodini, ita jina moja moja, umwone kila mtu kwa macho yako. "Nadhani wametoka wote" haimsaidii ofisa kuamua kama aite waokoaji.

Simu yenyewe iwe fupi. Chukulia paa limeanguka usiku vijana wakitoa kifusi:

"Mkuu, paa limeanguka njia ya mashariki, mita kumi na mbili kutoka njia panda, saa 8:20. Tulikuwa sita, wote nimewaona, hakuna aliyeumia. Vijiwe bado vinadondoka. Nimefunga njia pande zote mbili."

Hapo hakuna neno juu ya chanzo. Ukishasema "ni baruti ya jioni", kila atakayekuja atatafuta dalili za baruti tu.

Swali linalofuata ni ukubwa, na hapa wengi hukisia kwa kutazama lundo. Lundo linadanganya, kwa sababu mawe yaliyovunjika huchukua nafasi kubwa kuliko yalipokuwa mwamba mzima. Tazama shimo lililobaki juu, ukiwa umesimama chini ya paa lililokwisha kukaguliwa, na boliti, vile vyuma vilivyopigiliwa kushikilia paa, ziwe rula yako. Kama zimefungwa kila baada ya mita moja, na shimo limekula nafasi tatu kwa mbili, hizo ni mita tatu kwa mbili. Boliti iliyobaki ikining'inia wazi kwa nusu mita inakupa kina. Jumla ni mita tatu za ujazo, na kwa mwamba wa kawaida ni kama tani nane.

Boliti hizo zieleze vizuri, piga na picha ukiwa hapo hapo. Zilizokatika, zilizochomoka nzima na zilizobaki imara huku mwamba umeporomoka kando yake ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina marekebisho yake. Angalia pia uso wa jiwe lililoanguka: kama ni laini, limepakaa kinywe, yale madini meusi yanayoteleza, au lina maji, andika hivyo hivyo. Huenda lilikuwa limeachana na mwamba zamani.

Halafu kataa kifusi kisiguswe, hata wakubwa wakikuhimiza kazi iendelee. Kama mtu amefukiwa, huyo ndiye wa kwanza, lakini paa juu ya waokoaji ligongwe kwa mtaimbo kwanza: likilia kama ngoma tupu, limeachia.

Vijiwe vikizidi au vikikoma, piga simu tena, utaje na saa.