Zimbabwe Kuu: ng'ombe au dhahabu?

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Kilwa. Tangu shuleni tunaambiwa kwamba dhahabu iliyotajirisha mji wetu ilitoka Zimbabwe Kuu. Juzi nimesikia mtaalamu akisema wafalme wa huko walikuwa matajiri wa ng'ombe kwanza. Lipi ni kweli, na mtu anajuaje kwa kutazama magofu tu?

Jibu: Ndugu yangu, yote mawili ni kweli, ila mtaalamu huyo amelipanga vizuri: ng'ombe ndiye msingi, dhahabu ikaja juu yake. Na hatulijui hilo kwa kutazama kuta. Tunalijua kwa kutazama jalala.

Zimbabwe Kuu ipo karibu na mji wa Masvingo, nchini Zimbabwe. Jina lenyewe halihitaji mkalimani: kwa Kishona *dzimba dza mabwe* ni nyumba za mawe, na ng'ombe wao wanamwita *mombe*. Mji ulistawi kati ya karne ya 12 na ya 15. Juu ya kilima kuna makao yenye kuta za mawe ambayo wengi wetu tunayahusisha na watawala, na kwenye mteremko wake watu walikuwa wakimwaga taka. Mchimbo uliofanywa hapo ulitoa makumi ya maelfu ya vipande vya mifupa, karibu yote ya ng'ombe.

Chukua utaya mmoja wa ng'ombe kutoka katika lundo hilo, uuweke mezani. Gego la kwanza la kudumu huota ndama akiwa na miezi kama sita, la pili akikaribia mwaka na nusu, la tatu akiwa na miaka miwili hadi miwili na nusu. Ukikuta la pili limetoka na la tatu bado limo ndani ya mfupa, unajua mnyama alichinjwa kabla hajakomaa. Mfupa wa mguu nao unasema: kwa mnyama mchanga, kichwa cha mfupa bado hakijaungana na shina lake. Katika jalala la kilimani, wanyama wa umri huo ndio wengi.

Sasa muulize mfugaji yeyote. Mtamba hachinjwi, anasubiriwa azae na akamuliwe. Anayeliwa ni ng'ombe mzee au dume la ziada. Boma linalojitegemea lazima liache mifupa ya ng'ombe wakongwe mahali fulani. Jalala la kilimani lina wachache mno. Kwa hiyo waliokula pale hawakuwa wakila kutoka katika zizi moja lililo jirani. Walikuwa wakipokea wanyama wachanga, walionona, kutoka katika makundi yaliyotunzwa na watu wengine, pengine mbali. Majalala ya watu wa kawaida yana ng'ombe wazee zaidi, na tofauti hiyo inatuonyesha mamlaka waziwazi kuliko ukuta wowote. Ukuta mkubwa wa bondeni una urefu wa kwenda juu wa mita 11 hivi na mzunguko wa mita 250, lakini hauna hata tundu la kurushia mishale. Ulijengwa kutenga watu na kuonyesha daraja, si kupigana.

Upande wa biashara, kuna hazina iliyofukuliwa mwaka 1903 katika magofu ya bondeni yanayoitwa Renders. Ndani yake kulikuwa na vyombo vya kijani vya Kichina, bakuli la Kiajemi na shanga za kioo kwa maelfu. Pamoja navyo kulikuwa na majembe ya chuma, shaba, na kengele za chuma za kugongwa, za aina ambayo huko Afrika ya Kati ilikuwa alama ya uchifu. Bidhaa za pwani na vitu vya utawala vimelala mahali pamoja. Mwenye navyo ndiye aliyeshika mlango wa biashara.

Kilwa yenu imo pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipatikana Zimbabwe Kuu sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ilishuka hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, ikapanda na majahazi kwenda Kilwa. Lakini usiipe sarafu hiyo mzigo isioubeba. Ni moja tu, na sarafu za shaba za Kilwa zilitumika hasa mjini kwenu na jirani. Inathibitisha mawasiliano, kiasi cha biashara haikipimi.

Na hazina ya Renders ina jeraha lake. Aliyeifukua, Richard Hall, alikuwa akiamini kuwa mji ulijengwa na wageni, na kile alichokiona kuwa uchafu wa Waafrika wa baadaye alikizoa na kukitupa, katika baadhi ya sehemu kwa kina cha mita kadhaa. Matabaka hayo ya udongo ndiyo yangetupa tarehe. Ndiyo maana leo hatuwezi kusema kama vitu vile viliwekwa siku moja au vilikusanyika kwa vizazi, na ndiyo maana jalala la kilimani, lililochimbwa baadaye kwa mpangilio, nalitegemea zaidi kuliko hazina yenyewe.