Usimwalike Mgeni Kitandani: Kuandika Matamshi ya Kichina kwa Herufi Zetu

Kadi ya kwanza niliyoandika ilikuwa na sentensi tano tu. Nilimwandikia ami yangu, nahodha anayepakia watalii pale forodhani Lamu, kwa sababu Wachina walikuwa wameanza kuja na yeye Kichina hajui hata cha kuombea maji. Mimi nilikuwa nimesoma Kimandarini miaka miwili Nairobi, nikajiona fundi. Sentensi ya tatu ilikuwa "Karibuni mpande chombo", na pembeni yake nikaandika hivi: *ching shang chwang*.

Ami akaisoma kwa sauti ya kinahodha. Wageni wakatazamana, wakacheka, dada mmoja akajifunika uso kwa kofia. Mzee wao akatoa kijitabu, akachora picha, akamwonyesha ami. Alikuwa amechora kitanda.

Kosa lilikuwa langu, si la ami. Kwa pinyini, yaani maandishi ya Kichina kwa herufi za Kirumi ambayo China iliyapitisha rasmi mwaka 1958, kupanda chombo ni *shàng chuán*, 上船. *Shàng chuáng*, 上床, ni kupanda kitandani, na mara nyingi haina maana ya kwenda kulala peke yako. Tofauti yote iko kwenye n ya mwisho. Mimi nilisikia maneno mawili yamefuatana, la kwanza likaisha kwa ng', nikalivika na la pili vazi hilohilo. Kwa hiyo naandika haya kwa wewe unayetaka kumtengenezea ndugu yako kadi kama ile, iwe ni wa mashua, wa duka la kanga au wa nyumba ya wageni kule Shela.

Kwanza, usinakili matamshi kutoka vijitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Humo utakuta salamu ya *nǐ hǎo* imeandikwa *nee how*. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, atasoma "ne-e ho-wu", na ana haki, kwa sababu sisi husoma herufi kama zilivyo. Andika *ni hau*, basi. Irabu zetu tano zinafika mbali kuliko unavyodhani. Angalia tu kwamba *-ian* ya pinyini husikika "yen", kwa hiyo pesa, *qián*, ni *ch'yén*, si "chiani".

Sasa hiyo alama ya ' baada ya *ch* ndiyo kiini cha kazi yote, na hapa watu wa pwani tuna bahati ambayo vitabu vya shule havituambii. Mwulize mtu wa Lamu aseme paa la nyumba, kisha aseme paa wa mwituni. Atakutajia maneno mawili tofauti. La nyumba linatoka kavu, la mnyama linatoka na pumzi: *paa* na *p'aa*. Vivyo hivyo kaa la moto na *k'aa* wa mikokoni, tembo la mnazi na *t'embo* mwenye mkonga. Kiswahili sanifu hakiiandiki tofauti hii, ila masikio ya Kiamu na Kimvita yanayo.

Kichina kimejengwa juu ya tofauti hiyohiyo. Herufi b, d, g za pinyini si b, d, g zetu hata kidogo. Zetu zina mngurumo kooni, na b ya "baba" humeza hewa kidogo kabla ya kuitoa. B ya Kichina ni p kavu, ile ya paa la nyumba. P ya Kichina ni p' ya paa wa mwituni. Kwa hiyo usiandike b, d, g kwenye kadi. Ukiona b katika pinyini andika *p*, ukiona p andika *p'*. D inakuwa *t* na t inakuwa *t'*, g inakuwa *k* na k inakuwa *k'*. J na zh zote andika *ch* kavu, q na ch zote andika *ch'*. Mchina atasikia kwamba j na zh umezichanganya, lakini atakuelewa kwa muktadha. Akisikia pumzi mahali pasipo pumzi, hapo ndipo neno linageuka jingine.

Mfano wa mtu wa chombo. Mgeni ameshikwa na kichefuchefu nje ya Manda, unataka kumuuliza kama tumbo linamuuma. Tumbo ni *dùzi*, sungura ni *tùzi*. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni zilezile, irabu ni zilezile, tofauti ni pumzi peke yake. Kwenye kadi tumbo ni *tù-tsz* na sungura ni *t'ù-tsz*. Ami akitia pumzi anamuuliza mgonjwa kama sungura anamuuma. Na zile herufi *tsz* bila irabu zisikutishe. Anza na *ts* ya Tsavo, ila kavu, kisha acha z isimame peke yake kama m inavyosimama katika "mtu". Pinyini huandika i pale, na msomaji wetu akiiona i ataisema i kamili, kisha hataeleweka.

Kama unamwandikia mtu aliyekulia bara, huenda *paa* na *p'aa* kwake ni neno moja. Mpe kipande cha karatasi nyepesi akishike mbele ya midomo. Kwenye p' karatasi ipepee, kwenye p itulie. Robo saa inatosha, ingawa kesho yake atakuwa amesahau nusu.

Turudi kitandani. Neno la Kichina likiishia kwa konsonanti, karibu kila mara ni n au ng', na sisi hatuna mazoea ya kufunga neno kwa konsonanti. Msomaji atafanya moja kati ya mawili: ataongeza i na kusema "chwani", au ataiachia n ielee puani mpaka iwe ng'. Kuandika *n* peke yake hakutoshi, lazima umwonyeshe. Nilimwambia ami: anza kusema "nane", ulimi ukishagusa nyuma ya meno, nyamaza. Hiyo ndiyo n ya *chuán*. Kisha anza kusema "ng'ombe", na kabla hujafika kwenye o, nyamaza. Hiyo ndiyo ya *shàng*. Na kwenye kadi uandike *ng'*, usiandike *ng*, maana *ng* ataisoma ya "ngoma" na g itaruka nje. Ami, ambaye amesoma Kurani chuoni tangu utotoni, akanikatiza kwa kanuni za usomaji wake, za nuni ya wazi na nuni iliyofichwa. "Si ni nuni ya idhhari na nuni ya ikhfaa?" Si sawasawa kabisa, lakini nuni sakina, yaani nuni isiyo na irabu, ikifuatwa na kafu kweli huelekea ng', na tangu siku ile hajakosea.

Toni zilinishinda mara mbili kabla sijapata njia. Mwanzo niliandika nambari 1 hadi 4 baada ya kila silabi, kama baadhi ya vitabu vinavyofanya, na ami akazisoma pamoja na neno: "shang nne". Mara ya pili nikachora mishale, ikajaa kadi yote kama ramani ya kusi na kaskazi. Mwisho nikarudi kwenye alama za pinyini zenyewe, nikaziweka juu ya irabu zangu. Mtu aliyezoea harakati za Kiarabu, zile alama za irabu, haoni ajabu alama kukaa juu ya herufi.

Kumfundisha sauti zake nilitumia neno letu moja, "ee". Mtu akikwambia jambo hukusikia, unajibu "ee?" na sauti inapanda: hiyo ni toni ya pili, á. Ukikubali kwa mkato, "ee!", sauti inaanguka kutoka juu: ni ya nne, à. Mzee asiyeamini unachomwambia huvuta "eee..." chini kabisa kifuani: ni ya tatu, ǎ. Ya kwanza, ā, ni ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya maji, "weee", juu na bapa, haipandi wala haishuki. Silabi isiyo na alama isemwe fupi, bila uzito.

Adui wa toni kwetu ni mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwaheri, *zàijiàn*, ina toni ya nne mara mbili, na sisi tunaikaza ya mbele na kuilegeza ya nyuma. Ndiyo maana naweka nafasi kati ya silabi, *tsài chyèn*, na namwambia msomaji kila moja ni amri inayojitegemea. Ahsante, *xièxie*, inatufaa yenyewe, kwa sababu silabi ya kwanza ina uzito na ya pili haina: *shyè-shye*.

Na toni ya tatu mbili zikifuatana, ya mbele hugeuka ya pili. Pinyini huacha alama kama zilivyo, *nǐ hǎo*, ikitarajia msomaji anajua. Kwenye kadi andika kinachosemwa: *ní hǎu*.

Sentensi iliyotuaibisha sasa inasomeka hivi:

Karibuni mpande chombo 请上船
*ch'ǐng' shàng' ch'wán*

Acha herufi za Kichina hapo. Ami akishindwa, mgeni atajisomea.

Ukimaliza kadi, usiipime kwa kumwonyesha Mchina na kumuuliza kama ni sawa. Atatazama herufi zake, ataona ni sahihi, atakwambia nzuri sana. Mwache msomaji wako asome huku kadi imegeuziwa upande wake, kisha mwombe mgeni aandike au achore alichosikia. Mimi hufanya hivyo na watu wawili tofauti, kwa sababu wako Wachina, hasa wa kusini, ambao hata wao n na ng' zinawachanganyikia katika baadhi ya maneno, na mmoja anaweza kukupitishia kosa.

Jambo jingine ambalo kadi haiwezi ni kuelewa jibu. Ukimfundisha ami kuuliza "Mko wangapi?", atajibiwa kwa Kichina cha kasi na atabaki anatabasamu. Tukakubaliana mgeni aonyeshe kwa vidole. Siku ya kwanza kijana mmoja akainua kidole gumba na cha shahada. Ami akaandaa mashua ndogo ya watu wawili, kumbe kwa Wachina wengi mkono ule ni nane. Wakatokea wanane kwenye ngazi za forodhani, na vikapu vyao, na ami ananitazama mimi.