Jumla za mafungu kwenye bajeti ya shule zijijumlishe zenyewe

"Wadau naombeni msaada, mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi huku Tororo, bajeti yetu ya muhula ina mistari kama mia na kitu na kila nikiongeza mstari inabidi nirudi nijumlishe upya chakula, umeme, vitabu, kwa mkono. Juzi jumla za mafungu hazikulingana na jumla kuu nikashindwa kujibu mkutanoni. Kuna njia ya Excel ifanye yenyewe?"

Ndugu yangu pole sana, hiyo ya mkutanoni naijua vizuri. Mimi nimeshika bajeti ya shule ya msingi upande wa Busia miaka minne sasa na nitakueleza ninavyofanya mimi.

Kwanza kabisa toa hizo jumla ndogo zilizokaa katikati ya mistari, maana najua zipo, karibu kila faili la bajeti nililopokea linazo. Mtu anaandika unga wa posho, maharage, kuni, halafu mstari wa "jumla ya chakula", halafu anaendelea na umeme. Ukiziacha hapo jumla kuu itazihesabu mara mbili, na ukiingiza mstari mpya chini kabisa ya fungu, mara nyingi ile jumla ndogo haiuoni. Mistari iwe ya matumizi peke yake, moja chini ya nyingine, bila nafasi tupu na bila vichwa vya habari katikati. Jumla zote zihamie shiti nyingine.

Kwa hiyo faili langu lina shiti tatu tu. Ya kwanza naiita Vifungu, ndio mistari yote: kolamu A namba ya kifungu, B maelezo, C idadi, D bei, E jumla ambayo ni C mara D, halafu F ni fungu, na hii F mtu haiandiki kwa mkono, nitaeleza kwa nini. Ya pili ni Orodha, ina kolamu mbili tu, A namba na B jina la fungu: 101 posho ni Chakula, 102 maharage Chakula, 103 kuni Chakula, 201 tokeni za umeme wa Yaka ni Huduma, 202 maji Huduma, 301 chaki Masomo, 302 karatasi za mitihani Masomo, 401 nauli ni Usafiri. Ya tatu ni Muhtasari, hiyo ndio unapeleka kwa kamati.

Kwenye Vifungu seli F2 unaandika hivi kisha unaivuta chini mpaka mstari wa mwisho wenye data:

```
=IFNA(VLOOKUP(A2,Orodha!$A$2:$B$40,2,FALSE),"HAIJULIKANI")
```

Inachofanya ni kuchukua namba iliyo A2, kwenda kuitafuta kwenye kolamu ya kwanza ya Orodha, na ikiipata inakurudishia kilichoandikwa kolamu ya pili, yaani jina la fungu. Isipoipata inaandika HAIJULIKANI. Zile alama za dola ni za lazima, bila hizo ukivuta fomula chini na eneo la kutafutia nalo linashuka, mistari ya mwisho inakosa namba zilizo juu ya orodha.

Kwenye Muhtasari, A2 mpaka A7 naandika mafungu: Chakula, Huduma, Masomo, Usafiri, Ukarabati, na la mwisho HAIJULIKANI, ndio, naliandika kabisa kama fungu. Halafu B2:

```
=SUMIF(Vifungu!$F$2:$F$500,A2,Vifungu!$E$2:$E$500)
```

Vuta mpaka B7. Hii inapita kolamu F yote, kila inapokuta neno sawa na la A2 inachukua pesa ya mstari huohuo kutoka E na kuijumlisha. Angalia sana maeneo yote mawili yaanze mstari wa 2 na yaishie 500. Ukikosea ukaanza F kwenye 2 na E kwenye 3, SUMIF hailalamiki hata kidogo, inachukua pesa ya mstari wa chini yake na kukupa jumla isiyo sahihi.

Chukua mfano nilioufanya muhula mmoja, nimezikata namba ziwe chache. Posho kilo 1,200 kwa 2,500 ni 3,000,000. Maharage kilo 480 kwa 4,000 ni 1,920,000. Kuni safari 6 kwa 250,000 ni 1,500,000. Chakula kikawa 6,420,000. Yaka miezi 3 kwa 180,000 na maji miezi 3 kwa 95,000, Huduma ikawa 825,000. Chaki boksi 20 kwa 18,000 na karatasi rimu 30 kwa 22,000, Masomo 1,020,000. Nauli safari 12 kwa 35,000, Usafiri 420,000. Jumla kuu 8,685,000. Ukiongeza mstari wa maharage mengine mahali popote, hata chini kabisa baada ya nauli, ukaandika 102 kwenye A na ukavuta fomula ya E na F, Chakula kinapanda chenyewe. Kupanga mistari kwa mafungu hakuna haja tena, mimi naandika kwa mpangilio risiti zinavyokuja.

Sasa kwa nini F isiandikwe kwa mkono. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika. Herufi kubwa na ndogo SUMIF haijali, "chakula" na "Chakula" kwake ni kitu kimoja, ila msaidizi wangu alikuwa anaandika "Vyakula", na mahali pengine "Chakula" ikiwa na nafasi moja mwishoni ambayo kwa macho huioni kabisa, na pesa za mistari hiyo haziingii fungu lolote. Jina likitoka kwenye Orodha linaandikwa mara moja kwa kila namba, basi ukikosea unarekebisha sehemu moja.

Na hapo kwenye FALSE nisikilize vizuri kwa sababu iliniumiza. Mwanzo fomula yangu ilikuwa imeishia kwenye 2, bila FALSE. Usipoiandika Excel inachukulia unataka TRUE, maana yake namba ikikosekana inachukua iliyo karibu kwa chini yake. Tukaamua kupaka rangi madarasa, 850,000, nikaipa namba 350 kwenye Vifungu nikasahau kuiongeza kwenye Orodha. Excel ikaenda ikakosa 350, ikaona kubwa kuliko zote zilizo chini yake ni 302, karatasi za mitihani, ikarudisha Masomo. Hakuna alama ya kosa, hakuna chochote, jumla kuu inalingana vizuri 9,535,000. Aliyegundua ni madamu mkuu wa shule, akaniuliza, "Mwalimu, Masomo yalikuwa 1,020,000, sasa ni 1,870,000, tumenunua vitabu gani?" Hatukuwa tumenunua hata kimoja. Nilikaa na faili usiku mzima kabla ya kuona. Ungekuwa na FALSE zile 850,000 zingesimama peke yake kwenye mstari wa HAIJULIKANI na ungeziona kabla hujaprinti, ndio maana nasema hilo fungu liweke na usilifiche.

Ukiiona HAIJULIKANI ina pesa wakati namba ipo kwenye Orodha unaiona kwa macho yako, hapo mara nyingi namba moja ni maandishi. Inatokea sana ukikopi orodha kutoka watsapu au faili la pidiefu. 103 iliyo maandishi na 103 iliyo namba kwa VLOOKUP ni vitu viwili tofauti. Utaitambua kwa kukaa upande wa kushoto wa seli, na kwa kawaida inakuwa na kipembe cha kijani kwenye kona. Bonyeza hiyo seli, kisha alama ya mshangao inayotokea pembeni yake, ubadilishe iwe namba, au futa uandike upya.

Kisha chini ya Muhtasari weka seli ya ukaguzi, mimi naiweka B9:

```
=SUM(Vifungu!$E$2:$E$500)-SUM(B2:B7)
```

Lazima iwe 0. Isipokuwa 0 kuna fungu lipo kwenye Orodha ila hulina kwenye Muhtasari, au umeliandika tofauti. Kwa mfano ukiongeza 350 Ukarabati kwenye Orodha na Muhtasari hauna mstari wa Ukarabati, hapo B9 itakuonyesha 850,000 kamili, na ukiiona hiyo namba tu unajua ni rangi.

Ila kuna kitu kimoja B9 haikioni kabisa, na huku kwetu kinatokea kila siku kwa sababu ya tulivyozoea kuandika pesa. Mtu anakuja anaandika moja kwa moja kwenye E "450,000/=" badala ya idadi na bei. Hiyo /= inaifanya seli yote iwe maandishi, SUM inairuka, SUMIF nayo inairuka, zote mbili zinapungua sawasawa, ukaguzi unasema 0 na wewe umekosa 450,000. Akiandika /= kwenye bei afadhali, kwa sababu kuzidisha kunatoa #VALUE! na kila mtu anaona. Kwa ajili ya hiyo naweka ukaguzi wa pili B10:

```
=COUNTA(Vifungu!$E$2:$E$500)-COUNT(Vifungu!$E$2:$E$500)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili inahesabu zenye namba tu. Ikitoa 1, kuna seli moja kwenye E ambayo siyo namba, nenda uitafute. Kama mnataka /= ionekane kwenye karatasi iandikeni kwenye kichwa cha kolamu, isiguse seli za pesa.

Kwa vile wewe unasema ni bajeti ya muhula, mkija kutaka mihula mitatu faili moja, ongeza kolamu G kwenye Vifungu uandike 1, 2 au 3, na kwenye Muhtasari weka 1, 2, 3 kwenye B1 mpaka D1 halafu B2 iwe hivi, unavuta kulia na chini:

```
=SUMIFS(Vifungu!$E$2:$E$500,Vifungu!$F$2:$F$500,$A2,Vifungu!$G$2:$G$500,B$1)
```

Hapa mpangilio umegeuka, kolamu ya pesa inakuja kwanza, watu wengi wanakwama hapo. Uzuri wake ni kwamba maeneo yakitofautiana urefu inakataa kabisa na #VALUE!, tofauti na ile SUMIF. Ukiifanya hii, ile B9 badilisha B2:B7 iwe B2:D7, na ukaguzi wenyewe uhamishie kolamu ambayo haukai kwenye njia ya mihula.

Fomula zote hizi zinakubali hata Google Sheets. Kama kompyuta yako inazikataa ukiweka koma, jaribu nukta mkato badala yake, hiyo ni mipangilio ya nchi kwenye mashine. Mistari ikipita 500 usisahau kubadilisha 500 kila mahali, Orodha nayo ikipita 40 vilevile. Ukikwama weka picha ya shiti hapa, ficha majina ya wazazi kwanza, nitaangalia jioni.