Mtihani wa kompyuta usiokuruhusu kurudi nyuma

Aliyesoma sekondari Kenya anajua mbinu hii: karatasi ya hesabu ikifika mezani, pitia yote kwanza, anza na rahisi, yale magumu uyarudie mwishoni. Katika KCSE, sehemu ya pili hata inakuachia uchague maswali 5 kati ya 8. Nilipoitwa chuo kimoja hapa Nairobi kufanya mtihani wa hesabu wa kompyuta uitwao Accuplacer, ili wajue wanianzishe darasa gani, niliingia na mbinu hiyo hiyo. Haikunisaidia.

Maswali ni 20, nayo huja moja moja. Ukishathibitisha jibu, limeenda. Huwezi kuruka wala kurudi, kwa sababu kompyuta hutumia majibu uliyokwisha kutoa kuchagua swali linalofuata. Ukipata, linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka.

Swali langu la tatu lilisema bei imepunguzwa kwa asilimia 20 ikawa 1,200, ilikuwa ngapi mwanzoni? Nikachukua asilimia 20 ya 1,200, nikajumlisha, nikabofya 1,440. Ukurasa ulipobadilika tu nikashtuka: hiyo 1,200 ni asilimia 80 ya bei ya zamani, kwa hiyo jibu ni 1,500. Swali lililofuata likawa la kitoto, asilimia 15 ya 800. Nikatoka jasho nikidhani nimeshashushwa daraja. Kumbe kosa moja halikumalizi. Nilijibu hilo na mawili mengine, nikajikuta tena kwenye milinganyo ya kuumiza kichwa.

Basi maswali yakizidi kuwa magumu, usihesabu kwamba unafeli. Programu inatafuta mahali unapopata baadhi na kukosa baadhi, na ikishapafikia haikuondoi hapo. Mwanafunzi hodari naye anaweza kutoka akihisi amekosa nusu.

Muda haukuhesabiwa, kwa hiyo haraka yangu ilikuwa ya bure. Kikokotoo usibebe chako. Cha kwenye skrini hujitokeza kwa maswali yanayokiruhusu tu. Usipolijua swali kabisa, ondoa majibu yasiyowezekana, ubahatishe, usonge mbele. Bahati ikikupandisha, swali linalofuata huenda likakurudisha chini. Ila usiingie na nia ya kubahatisha mtihani mzima: ukipangwa darasa linalokuzidi, ada ni yako na usiku wa kukesha ni wako.

Matokeo yalitoka papo hapo: 254. Nilipofika nyumbani shangazi akauliza nimepata ngapi kati ya 20. Nikamwambia hawasemi, kipimo chao huanza 200 na kuishia 300, na uzito wa maswali ndio unaoamua. Watu wawili wanaweza kupata maswali 11 kila mmoja na alama zikaachana mbali.

"Sawa," akasema, "lakini kwa mia ni ngapi?"