Nani anaiona stori yako? Maswali ya wasomaji kuhusu Close Friends na Status

Nikimweka mtu kwenye Close Friends yangu ya Instagram, anapewa taarifa? Na nikimtoa je?
*Mama wa Kisasa, Dodoma*

Hapewi taarifa akiingizwa, wala hapewi akitolewa. Tangu Instagram ilipoanzisha orodha hii mwishoni mwa mwaka 2018, imekuwa mali ya mwenye akaunti peke yake: wewe tu ndiye unayeiona, na hakuna anayeweza kutuma ombi la kuingizwa.

Hata hivyo, usidhani kwamba aliyemo hajui kuwa yumo. Siku utakapoweka stori kwa orodha hiyo, duara linalozunguka picha yako kwenye simu yake litakuwa la kijani badala ya zile rangi za waridi na chungwa zilizozoeleka, na akiifungua ataona juu ya stori alama ya kijani yenye nyota nyeupe. Hapo atajua kwamba umemchagua, ingawa hukumwambia. Aliye nje ya orodha haonyeshwi kitu chochote. Kama siku hiyo hukuweka stori nyingine ya kawaida, kwake ni kana kwamba hukuposti kabisa. Aliyetolewa naye anaweza kuhisi baada ya muda, akikumbuka kwamba zamani alikuwa akiona kijani kwako na sasa hakioni tena.

Nafanya kazi katika ofisi moja Mtumba. Ijumaa niliweka stori mbili za kawaida nikiwa stesheni, na ya tatu kwa Close Friends nikisema naenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi. Jumatatu mkuu wangu akanitakia heri. Hayumo kwenye orodha. Instagram imevujisha?
*Mtumishi, Mtumba*

Kabla ya kuilaumu programu, tazama kwanza kila mmoja alionyeshwa nini. Mkuu wako, kama anakufuata, aliona duara la kawaida, akalifungua, na juu ya skrini kulikuwa na mistari midogo miwili, mmoja kwa kila stori anayoruhusiwa kuiona. Hakukuwa na mstari wa tatu uliofungwa wala pengo la kumjulisha kwamba kuna kitu amenyimwa. Mwenzako aliyemo kwenye orodha aliona duara la kijani na mistari mitatu, na stori zako zikampitia mfululizo, stesheni, stesheni, kisha usaili, huku ile ya tatu ikitofautiana na zilizotangulia kwa alama ya nyota peke yake.

Hapo ndipo penye udhaifu, nami naona hauzungumzwi vya kutosha. Wengi huibofya stori kwa haraka na kuichukulia ile nyota kama pambo. Mtu wa namna hiyo akikaa na wenzake wakati wa chakula cha mchana, atasema kwa nia njema kabisa, "Mmeona, mwenzetu ameitwa kwenye usaili," akiamini kwamba kila aliyeona picha za stesheni ameona na ile ya tatu. Yaani ulipozipanga stori za wote na stori ya wachache katika safari moja, ulimfanya mtazamaji aliyemo azione kama habari moja.

Unaweza kuhakikisha kilichotokea kwa kukagua mambo matatu. La kwanza ni kitufe ulichobofya. Kwenye skrini ya kuposti, "Your story" na "Close Friends" hukaa jirani, na kidole huteleza. Ifungue stori yako mwenyewe kwenye kumbukumbu zako: ikiwa na alama ya kijani, ilienda kwa orodha, ikikosa alama hiyo, ilienda kwa wote na hakuna wa kulaumiwa.

La pili ni majina ya waliotazama, ambayo huonekana kwako ukiipandisha stori juu kwa kidole. Stori yenyewe hutoweka kwa watazamaji baada ya saa 24, lakini wewe unaweza kuyaona majina hayo hadi saa 48 tangu ulipoiweka. Kwa kuwa uliposti Ijumaa, Jumatatu ulikuwa umechelewa. Safari nyingine yatazame siku ile ile. Jina la mkuu wako lisipokuwemo na alama ya kijani ikiwepo, basi Instagram haikumwonyesha. Ameambiwa na mtu, au ameona kwenye simu ya mtu.

La tatu ni akaunti ambazo si za mtu mmoja. Pitia orodha yako taratibu, jina kwa jina. Ukikuta umeweka akaunti ya idara, ya kwaya, ya kikundi cha kuweka na kukopa au ya kamati ya harusi, fahamu kwamba kila mwenye nywila ya akaunti hiyo anaiona stori yako, na kwenye majina ya waliotazama utaona jina la kikundi bila kujua ni nani aliyeshika simu. Instagram huihesabu akaunti, na haina namna ya kuwahesabu wanaoitumia. Kwa habari nzito kama ya usaili, ningekushauri uitenge na stori za kawaida za siku hiyo, na ndani ya stori yenyewe uandike waziwazi kwamba bado ni siri. Sentensi hiyo moja itakulinda kuliko nyota.

Nauza mafuta ya alizeti Majengo na akaunti yangu iko wazi. Nimemfichia stori mshindani wangu, lakini anajua kila bei ninayoitangaza. Anaionaje?
*Mfanyabiashara, Nkuhungu*

Kumficha mtu stori na kumchagua mtu aone stori ni mambo mawili yanayofanana machoni tu. Ulipotumia mpangilio wa kuficha, uliiambia Instagram: waonyeshe wote isipokuwa akaunti hii. Kwa kuwa akaunti yako iko wazi, "wote" ni yeyote mwenye Instagram, na mshindani wako anaweza kuingia kwa akaunti nyingine, au ya mke wake, au ya kijana wake wa dukani, akaona bei zako zote. Naye hakuambiwa kwamba amefichwa, ila akiona wateja wanazungumzia stori zako na kwake hazipo, hatahitaji kuambiwa. Kumbuka pia kwamba kuficha stori hakumzuii kuona picha na video zilizobaki kwenye ukurasa wako.

Orodha ya waliochaguliwa hufanya kinyume chake: asiyetajwa haoni, hata afungue akaunti kumi. Kwa bei za jumla, ambazo hutaki zisambae, ningekushauri uwaweke wateja wako wa kweli kwenye Close Friends na kuzituma huko, huku stori za kawaida zikiendelea kubeba matangazo ya rejareja. Lakini hiyo ni orodha moja tu. Wateja wa Kongwa na Singida wakiingia humo, kila utakachokiweka kwa ajili ya dada zako na mashoga zako watakiona nao, kwa hiyo ukiamua kuifanya ya biashara, mambo ya nyumbani yatafutiwe mahali pengine.

Tofauti hii iko pia WhatsApp, na huko huwaumiza zaidi watu wanaohifadhi namba mpya kila wiki. Ukichagua "My contacts except...", kila namba utakayoihifadhi kesho, iwe ya mwenye nyumba, ya fundi bomba au ya bodaboda, inaingia yenyewe miongoni mwa wanaoona Status yako, mradi naye awe amehifadhi yako. Ukichagua "Only share with...", namba mpya hubaki nje mpaka uiingize kwa mkono wako. Aliyehamia Dodoma karibuni na anayejaza simu yake majina ya watu asiowajua vizuri afikirie sana kabla ya kuutegemea ule mpangilio wa kwanza.

Mimi ni mwalimu. Niliweka Status WhatsApp, nikakumbuka kuna mzazi mmoja sitaki aione, nikamwondoa dakika hiyo hiyo. Bado akaiona. Kwa nini?
*Mwalimu, Mpwapwa*

Kwa sababu mabadiliko ya orodha kwenye WhatsApp hayagusi Status iliyokwisha kutumwa. Status husafiri ikiwa imefungwa kwa usimbaji kutoka kwenye simu yako hadi kwenye simu za wale waliokuwemo wakati unabofya kitufe cha kutuma. Kumwondoa mzazi huyo baadaye kulimzuia asione zitakazofuata tu. Ulichopaswa kufanya ni kuifuta ile Status, kurekebisha orodha, kisha kuiweka upya. Mpangilio huo ni huo huo kila siku mpaka uubadilishe, kwa hiyo ukiwaondoa watu kwa ajili ya picha moja na ukasahau kuwarudisha, hawataona wala tangazo la msiba wiki ijayo.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu anapaswa kulijua. Status iliyotumwa kwa "Only share with..." haimwonyeshi mtazamaji rangi wala nyota ya kumwambia kwamba ni ya wachache. Mzazi aliyechaguliwa huiona kama Status nyingine yoyote na hana sababu ya kudhani kwamba mwenzake hakuiona. Kwa upande mmoja hii ni staha, maana hakuna anayejua kwamba amependelewa. Kwa upande mwingine, anaweza kuitaja mbele ya yule yule uliyemwondoa. Ukiwa na kundi unalotaka lijue kwamba ni lenyewe tu, kundi la kawaida la WhatsApp lenye majina yanayoonekana kwa wote litakufaa zaidi.

Nikiwa kwenye Close Friends ya mtu, naweza kujua nani mwingine yumo?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma*

Orodha yenyewe huwezi kuiona. Kwenye stori, majina ya waliotazama humfikia mwenye stori peke yake, na jibu utakalomwandikia kwa ujumbe wa faragha halionwi na wengine. Lakini tangu Novemba 2023 Instagram imeruhusu Close Friends itumike pia kwa posti za kudumu na video za Reels, na huko mambo hubadilika, kwa sababu walio kwenye orodha huona maoni ya wenzao chini ya posti. Anayetoa maoni amejitambulisha kwamba yumo. Kama hutaki rafiki zako wajuane kwa njia hiyo, zima maoni kwenye stori au posti husika.

Mtu akipiga skrinshoti ya stori yangu ya Close Friends, nitaarifiwa?
*Msomaji, Manyoni*

Hapana. Instagram haikuarifu kuhusu skrinshoti za stori, iwe ya wote au ya Close Friends, na WhatsApp haikuarifu kuhusu za Status. Ni Snapchat ndiyo yenye mazoea ya kumwambia mwenye picha, nayo haina la kufanya mtu akitumia simu ya pili kupiga picha skrini ya kwanza. Kwa upande wa WhatsApp ongeza na hili: mtu aliyezima alama za kusoma anaweza kuitazama Status yako bila jina lake kutokea, na wewe ukizizima zako hutaona majina ya waliotazama.