Siti ya choo na mfuniko wa tanki vimegeuka njano na kahawia, jiki haitoi

Swali: Habari fundi, nimepanga nyumba Dar, tunatumia maji ya kisima. Siti ya choo ni ya plastiki nyeupe, chini yake imekuwa ya njano na kwenye bawaba kuna ukahawia. Mfuniko wa tanki la flashi nao juu umekuwa kama rangi ya maziwa ya chai, na kuna michirizi ya kahawia pembeni. Nimemwaga jiki mara nyingi, nimesugua hadi na stilwaya, naona ndo inazidi. Nifanyeje, au ninunue mpya tu?

Jibu: Dada, kabla ya yote weka jiki pembeni na stilwaya tupa kabisa, hivyo viwili ndo vimekufikisha hapo. Usinunue mpya bado, maana ulichonacho hapo sio doa moja, ni madoa kama matatu tofauti yamekaa sehemu moja na hayatoki yote kwa dawa moja, ndo maana ukipiga dawa moja kote unaona haitoki.

Tuanze na ukahawia. Maji ya visima vingi yana madini ya chuma yaliyoyeyuka, yakitoka bombani unayaona masafi kabisa, yakikaa na hewa yanageuka kutu. Jaza chupa safi ya maji ya lita moja na nusu, acha wazi usiku kucha, asubuhi angalia kitako chake. Ukikuta maji yamepiga unjano na kuna vumbi la kahawia limetuama chini basi ndo hiyo. Sasa jiki inafanya nini, inaharakisha ile chuma kugeuka kutu na inaigandisha palepale kwenye plastiki, yaani kila ulipomwaga jiki ulikuwa unapaka rangi bila kujua. Michirizi ya pembeni ya mfuniko ni hiyohiyo, maji yanaruka ndani ya tanki yanagusa mfuniko kwa chini yanateremkia ukingoni, yanakauka, kesho tena. Kwenye bawaba inaweza kuwa chuma ya maji au bolti zenyewe zinaota kutu, hilo utalijua ukishafungua.

Unjano wa chini ya siti ni mkojo, hapo hakuna siri. Matone yanarukia kwa chini ambako watu hawafuti, maji yanakauka yanabaki magamba ya chumvichumvi yenye rangi. Ukipitisha kucha unasikia kama kuna mchanga mwembamba. Hayo magamba na kutu vyote vinatolewa na asidi laini, wala sio ya kutisha.

Nenda duka linalouza malighafi za kutengenezea sabuni na juisi, ulizia sitriki asidi, ni unga mweupe kama sukari. Vijiko vya chakula viwili vilivyojaa kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Ukikosa tumia siki nyeupe bila kuichanganya na maji, au juisi ya ndimu iliyochujwa, ila hizo zitachukua muda zaidi.

LAKINI kabla hujagusa asidi yoyote, hiyo siti na mfuniko na choo chenyewe suuza kwa maji mengi sana, halafu siku hiyo usitumie jiki kabisa chooni. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na choo cha kidirisha kidogo kile unaweza ukaanguka humo ndani. Hizi dawa za choo za chupa yenye shingo iliyopinda, Harpic na wenzake, nyingi zina asidi, kwa hiyo nazo zisikutane na jiki. Na jiki juu ya mkojo nayo inatoa gesi inayochoma macho na kifua, bila shaka ushaisikia ile harufu kali ukidhani ndo usafi wenyewe.

Sasa fungua siti. Chini ya sinki la choo, kwa nyuma, kuna nati mbili, nyingi ni za plastiki zenye masikio, zungusha kwa mkono kinyume na saa ukiziangalia kutokea chini. Zikikataa shika na koleo taratibu. Ukiitoa ndo utaona uchafu wenyewe, kwenye zile washa za mpira na chini ya bawaba mkojo unaingia haupati pa kutokea, na mara nyingi ile harufu ya choo isiyoisha hata ukideki vipi inatoka hapo.

Osha kwanza kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sponji laini. Usiruke hii hatua, siti ina mafuta ya ngozi na asidi haipiti kwenye mafuta, itateleza tu juu. Ukishasuuza chukua tishu za jikoni au kitambaa cha pamba, chovya kwenye ile sitriki, tandika juu ya madoa ilale kabisa, halafu funika na mfuko wa nailoni isikauke. Acha saa moja. Ukifunua utakuta kile kitambaa chenyewe kimepata rangi ya kahawia, hapo ujue inafanya kazi. Futa na mswaki wa zamani laini, suuza, ikibaki rudia. Kwa doa la muda mrefu kurudia mara mbili tatu ni kawaida, usikimbilie kusugua kwa nguvu. Pembeni ya mfuniko fanya hivyohivyo, na ugeuze usafishe kwa chini pia maana ndo chanzo chake.

Vyuma vya bawaba kama vina kromu usiviloweke pamoja na siti, asidi inakula kromu, vipanguse tu usuuze. Na fanya kazi hii ndani ya beseni au nje, kama sakafu yako ni ya terazo au marumaru asidi ikidondoka inaacha alama iliyofubaa ambayo haifutiki.

Haya, tuje kwenye mfuniko wa tanki juu, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Fikiria, nani anakojolea juu ya tanki? Ule unjano wa maziwa ya chai uliosambaa sawasawa hauko juu ya plastiki, ni plastiki yenyewe imebadilika. Jua la dirishani, joto na hewa vinaichosha taratibu, na jiki iliyoachwa ikaukie juu yake inaongeza. Ung'oe mfuniko ugeuze: kwa chini, ukitoa ile michirizi, plastiki ni nyeupe na juu ni njano? Au kuna kopo la dawa au tishu hukaa hapo juu siku zote, liinue uone kama limeacha kivuli cheupe. Ukiona hivyo hata uloweke kwenye sitriki wiki nzima hautabadilika, hakuna kitu cha kuyeyusha pale. Ila kama kwenu mnavuta sigara chooni au mnafukiza udi sana, kwanza futa na sabuni ya vyombo na maji ya moto kiasi, moshi nao unaacha unjano ila huo ukifutwa unakuja na kitambaa.

Plastiki iliyozeeka dawa yake ni haidrojeni peroksaidi pamoja na jua. Ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 3, inafanya ila polepole na inachuruzika. Rahisi zaidi nenda maduka ya vifaa vya saluni uchukue devulapa ya krimu, ile wanayochanganyia rangi ya nywele. Iliyoandikwa 20 ni asilimia 6, iliyoandikwa 40 ni asilimia 12. Chukua ya 20 au 30, ya 40 inaunguza ngozi haraka, na yoyote utakayochukua vaa glavu, nguo ya kazi, na ikiingia machoni nawa maji mengi papo hapo. Usiichanganye na chochote, sio siki, sio jiki.

Mfuniko ukiwa safi na mkavu, na umetoa kile kitufe cha kubonyezea kama kinatoka, paka krimu sawasawa kote, zungushia nailoni ya kufungia chakula ile inayong'aa ili krimu isikauke, weka juani. Kila baada ya saa moja hivi uangalie, pale palipokauka ongeza na usambaze, maana ikikauka vipande vipande utapata mfuniko wenye mabaka na hayo mabaka ni shida kuliko unjano. Kwa jua la Dar, saa tatu nne utaona tofauti, ukiwa wa njano sana rudia kesho yake. Suuza vizuri. Niseme ukweli, miezi ikipita unjano unaweza kurudi kwasababu plastiki ile ile bado inazeeka, ukiweka pazia dirishani unapunguza kasi.

Hii ya jua fanya kwa mfuniko tu, ambao mara nyingi ni plastiki ya ABS, utakuta herufi zimechongwa kwa chini. Siti nyingi zimechongwa PP, hiyo usiianike juani kutwa nzima, inakuwa kavu na siku moja mtu mzito anakaa inapasuka. Siti ikibaki na unjano hafifu baada ya sitriki paka hiyo krimu ya 20, funika na nailoni uiache ndani usiku mmoja, ukiona hakuna mabadiliko iache hivyohivyo.

Sasa kuhusu stilwaya. Peleka siti karibu na dirisha uiinamishe mwanga uipige kwa upande. Ukiona mikwaruzo imejaa kama mviringo mviringo, ule ung'avu wa juu umeshatoka, uchafu utakuwa unaingia kwenye kila mkwaruzo na utasafisha leo wiki ijayo iko vilevile. Kama mikwaruzo iko chini tu vumilia, kama iko pale pa kukalia hapo sawa nunua nyingine. Kabla hujaenda dukani pima katikati ya shimo moja la bolti hadi katikati ya jingine kwenye sinki, zipo za kama sentimita 14 na zipo za 15 na nusu, halafu pima na urefu kutoka mashimoni hadi ukingo wa mbele, maana watu wengi wanarudisha siti kwa kukosa hivi vipimo viwili. Chagua yenye bolti za plastiki au za chuma isiyoota kutu.

Ukirudishia, washa zikiwa safi na kavu, kaza nati kwa mkono tu zisicheze, ukikaza kwa spana unaweza kupasua sinki. Na kwa maji yako hayo ya kisima, kitambaa kikavu kwenye ukingo wa mfuniko na chini ya siti kila siku mbili tatu, na sitriki mara moja kwa mwezi kabla rangi haijaonekana, wala haitachukua hata nusu saa.